Jedwali la gredi au IF ndani ya IF: kwa mwalimu mpya aliyekabidhiwa mkeka wa matokeo

Ukiripoti shule ya sekondari hapa Tanga, iwe mjini, Muheza au Pangani, na ikajulikana kwamba kompyuta unaijua, mtaaluma hatakawia kukukabidhi mkeka wa matokeo. Mara nyingi utapewa faili la mwaka jana, na ndani yake kwenye safu ya gredi utakuta fomula ya namna hii:

```
=IF(B2>=75,"A",IF(B2>=65,"B",IF(B2>=45,"C",IF(B2>=30,"D","F"))))
```

Fomula hii ni sahihi. Inafuata viwango vya Baraza la Mitihani kwa kidato cha nne: A kuanzia 75, B 65, C 45, D 30, na chini ya hapo F. Excel huanza na swali la kwanza kushoto na kusimama kwenye jibu la kwanza la ndiyo, ndiyo maana lazima uanze na alama kubwa. Ukianza na 30, kila aliyefikisha 30 atapata D, hata mwenye 92.

Pamoja na hayo, nakushauri uiache. Wengi watakwambia sababu ni urefu wake, na ni kweli inachosha kuisoma, lakini mimi sababu yangu ni nyingine: inapokutana na data mbovu, inatoa gredi nzuri bila kulalamika.

Chukua orodha ya Hisabati ya kidato cha tatu. B2 ina 68, B3 ina 41, B4 ina ABS kwa sababu mwanafunzi aliugua siku ya mtihani, B5 iko wazi kwa kuwa mwalimu wa somo hajamaliza kusahihisha, na B6 imeandikwa 7O, sifuri ikiwa herufi O, kosa la kawaida alama zinapochapwa haraka pale steshenari. Fomula ya IF itakupa B, D, A, F, A. Ndiyo, aliyeugua kapata A. Katika Excel, maandishi yakilinganishwa na namba, maandishi huhesabiwa kuwa makubwa kuliko namba yoyote. Kwa hiyo ABS ni zaidi ya 75, na 7O pia. Kwenye mkeka wa wanafunzi 180 na masomo 9, hizo A mbili hakuna atakayeziona mpaka mzazi aje na ripoti mkononi.

Sasa fanya hivi. Fungua shiti mpya uiite Gredi. Safu ya A andika alama ambapo kila gredi inaanzia, safu ya B andika gredi yenyewe, ukipanda kutoka ndogo kwenda kubwa:

```
Alama   Gredi
0       F
30      D
45      C
65      B
75      A
101     KAGUA
```

Kisha kwenye mkeka:

```
=VLOOKUP(B2,Gredi!$A$2:$B$7,2,TRUE)
```

Neno TRUE mwishoni ndilo linaloruhusu ulinganisho wa kukaribia. Excel haitafuti 68 yenyewe, kwani haimo. Inatafuta alama kubwa kabisa isiyozidi 68, inaikuta 65, inarudisha B. Ukiweka FALSE itadai 68 kamili iwemo kwenye jedwali, na karibu darasa zima litapata #N/A.

Rudi kwenye orodha yetu. B2 na B3 zinatoa B na D kama mwanzo. Lakini B4 na B6 zinatoa #N/A, kwa sababu maandishi hayana pa kuangukia kwenye jedwali la namba. Hiyo #N/A ndiyo faida unayoitafuta: imekuonesha seli za kukagua kabla hujachapisha. Kwa hiyo usiifunike kwa IFERROR ili mkeka upendeze. Mstari wa 101 unafanya kazi hiyohiyo kwa aliyeandikiwa 780 badala ya 78.

B5 bado inatoa F, maana VLOOKUP huisoma seli tupu kama sifuri. Hapa IF inastahili nafasi yake, kwa maswali mawili ya ndiyo au hapana:

```
=IF(B2="","JAZA",IF(B2="ABS","ABS",
 VLOOKUP(B2,Gredi!$A$2:$B$7,2,TRUE)))
```

Jedwali nalo lina masharti, na la kwanza ni mpangilio. Sisi tumezoea kuandika gredi tukianza na A, lakini ukilipanga hivyo utaharibu kila kitu. Kwenye ulinganisho wa kukaribia, Excel huanzia katikati ya jedwali na kuamua aende upande gani, ikiamini kwamba namba zinapanda. Jedwali la mistari mitano, bila ule wa 101, likishuka kutoka 75 hadi 0, katikati yake ni 45. Mwenye 68 anazidi 45, kwa hiyo Excel inashuka kuelekea chini, inapita 30, inaishia 0, na kumpa F. Mwenye 40 naye anapata #N/A. Ukiona wanafunzi wazuri wana F na wa chini wana #N/A, usihangaike na fomula, panga jedwali upya.

Sharti la pili ni alama za dola. Bila hizo, ukiburuta fomula kwenda chini jedwali nalo linateleza: mstari unaofuata unapoteza 0, wa tatu unapoteza 30, na kadhalika. Dalili yake ni #N/A zinazoanza kwa wanafunzi wa alama za chini na kuzidi kadiri unavyoshuka.

Kuna suala moja ambalo hakuna fomula itakayokuamulia, nalo ni wastani wenye desimali. Seli ikiwa na 74.6 na umeficha desimali, kwenye karatasi itasomeka 75, huku gredi ikiwa B. Mzazi atauliza, na ana haki. Muulize mtaaluma shule inakadiriaje. Kama wanakadiria kwenda namba kamili, andika ROUND(B2,0) ndani ya VLOOKUP badala ya B2 peke yake; hapo 7O itatoa #VALUE! badala ya #N/A.

Faida ya jedwali utaiona zaidi ukipewa kidato cha tano na sita. Kule gredi ni saba: A 80, B 70, C 60, D 50, E 40, S 35, kisha F. Kwa IF ungeandika fomula mpya kabisa. Kwa jedwali unaongeza shiti ya pili, na mkuu wa shule anaweza kuisoma kwa macho na kuithibitisha bila kujua fomula yoyote. Viwango hivi pia huwa vinabadilika. Walimu waliokuwepo wanakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya 2014 yaliyokuwa na B+ na E ndani yake. Kwenye jedwali, badiliko kama hilo ni mistari miwili ya kuongeza, namba chache za kurekebisha, na kurefusha eneo linalosomwa na fomula.

Kabla ya kupeleka mkeka kuchapishwa, tenga safu ya majaribio uandike 0, 29, 30, 44, 45, 64, 65, 74, 75 na 100, uburute fomula na usome majibu: F, F, D, D, C, C, B, B, A, A. Ongeza ABS, seli tupu na 7O. Zikitoka ABS, JAZA na #N/A, au #VALUE! kama umetumia ROUND, futa safu ya majaribio, kisha chuja safu ya gredi upate kila JAZA, KAGUA, #N/A au #VALUE! iliyobaki, na umfuate mwalimu wa somo husika na karatasi zake za mtihani.