Umeisahihisha chatboti, mgeni wa pili kaambiwa yale yale

*"Nina nyumba ya wageni Shela. Chatboti ilikuwa ikiwaambia wageni wangu wakishuka uwanja wa ndege wa Lamu wachukue teksi hadi mlangoni. Nikaisahihisha mwenyewe, ikaomba radhi na kuahidi itakumbuka. Wiki ile ile mgeni mwengine akaja na habari ya teksi. Mbona haijifunzi? Au mimi ndiye siielezi vizuri?"*

Dada, umeieleza vizuri kabisa, hata nahodha wa Manda, kisiwa ulipo uwanja huo na ambako mgeni huvuka kwa boti, asingeieleza zaidi. Maneno yako hayakupata njia ya kutoka kwenye mazungumzo yale kwenda kwengine, basi.

Nilikuja kuliona jambo hili kwa macho nilipomtengenezea ami yangu, mwenye vyumba vya kukodisha Mkomani, programu ndogo ya kujibu wageni. Ukitumia chatboti kwenye simu huoni kinachopita nyuma ya pazia. Ukiunganisha programu yako mwenyewe na modeli, yaani ule mtambo wa maneno unaotoa majibu ya chatboti, huna budi kukiona, kwa sababu kazi ile unaifanya wewe. Kila mgeni akiandika neno, programu yangu huchukua mazungumzo yote tangu salamu ya kwanza na kuyatuma upya, yote, kwa mpigo mmoja. Akiandika tena, yanatumwa yote tena, na lile neno jipya limeongezwa chini. Mfano wa kinachotumwa ni huu, "user" akiwa ni anayeuliza na "assistant" ni chatboti:

```json
[
 {"role": "user", "content": "Nafikaje Shela kutoka uwanja wa ndege wa Lamu?"},
 {"role": "assistant", "content": "Chukua teksi hadi Shela."},
 {"role": "user", "content": "Hakuna teksi. Uwanja uko kisiwa cha Manda, ni boti."},
 {"role": "user", "content": "Basi mgeni wangu afanyeje?"}
]
```

Mstari wa tatu ndio marekebisho. Modeli inausoma pamoja na mengine, na jibu linalotoka linazungumzia gati la Manda, boti na kushukia Shela. Ukiliona jibu hilo utasema imejifunza. Sasa nikaufuta ule mstari wa tatu na wa pili, nikatuma swali peke yake. Teksi ikarudi. Nikaurudisha mstari, boti ikarudi. Marekebisho yalikuwa yakikaa kwenye faili langu mimi, na modeli ilikuwa ikisomewa kila mara kama mtu asiyewahi kuyasikia.

Yaani mazungumzo ni kama ubao wa chuoni: kilichoandikwa kinasomeka maadamu ubao haujaoshwa, na ukifungua mazungumzo mapya unapewa ubao mkavu. Mgeni wako yuko kwenye ubao wake. Huo wako haoni hata ukingo.

Ubao wenyewe pia una kipimo. Modeli ina kikomo cha maandishi inayoweza kuyasoma kwa wakati mmoja. Za leo zinasoma mengi sana kushinda zile za miaka michache nyuma, lakini kikomo kipo, na mazungumzo yakirefuka mno programu nyingi hukata ya mwanzo au huyafupisha. Ndiyo maana mtu anaweza kuisahihisha chatboti asubuhi, akaendelea na soga ile ile mpaka usiku, kisha kosa lile likaibuka tena humo humo.

Ndani ya modeli kwenyewe mna nini? Mna namba, wingi wa namba. GPT-3 ya mwaka 2020, kwa mfano, ilikuwa na bilioni 175. Namba hizi hupangwa wakati wa mafunzo: kompyuta nyingi sana zinapitishiwa maandishi kwa majuma au miezi, modeli inabahatisha kipande cha neno kinachofuata, inapimwa ilivyokosea, na kila namba inasogezwa kidogo sana. Hivyo hivyo, tena na tena. Mafunzo yakiisha, namba hugandishwa, na nakala zake hupelekwa kwenye seva nyingi. Wewe ukiuliza, swali lako linapitishwa kwenye namba hizo zilizogandishwa na jibu linatoka kipande baada ya kipande. Namba zinasomwa tu. Hakuna hata moja inayoguswa na ulichoandika, ukiwa umeandika kwa adabu au kwa herufi kubwa za hasira. Na hata nakala iliyokujibu wewe huenda siyo iliyomjibu mgeni wako.

Lile la teksi lilitoka wapi, basi? Katika maandishi ya dunia, baada ya "kutoka uwanja wa ndege" mara nyingi sana hufuata teksi, basi au gari la hoteli. Viwanja ambavyo ukitoka unatembea hadi gatini na kupanda boti ni vichache. Modeli inafuata mkondo mkubwa. Sentensi yako moja, hata ingeingia mafunzoni, ingekutana na mamilioni ya sentensi za viwanja vingine.

Sasa ile ahadi, maana nadhani ndiyo iliyokuuma. Kuomba radhi na kuahidi ni maandishi pia, yametoka kwa njia ile ile iliyotoa teksi. Watu wakisahihishwa kwa kawaida huandika hivyo, na modeli imefunzwa zaidi kuwa na adabu. Ahadi haina kitu nyuma yake kinachoandikwa mahali. Ukitaka kuhakikisha, fungua mazungumzo mapya uisahihishe kwa uongo: iambie kuwa uwanja wa ndege uko Shela, karibu na msikiti. Mara nyingine itakataa, na mara nyingine itakushukuru kwa heshima zile zile. Anayeshukuru kwa la kweli na la uongo sawasawa, shukrani yake usiipe uzito.

Kuna jambo moja linalowachanganya watu, nalo ni ile huduma ya kumbukumbu. OpenAI waliianza kwenye ChatGPT mwaka 2024, na wengine wana ya kwao. Ukiiwasha, chatboti inaweza kuweka noti kukuhusu: ana nyumba ya wageni Shela, wageni wafike kwa boti. Ukifungua mazungumzo mapya, noti ile inabandikwa juu kimya kimya kabla ya swali lako, ikasomwa kama ule mstari wa tatu. Namba hazijaguswa. Na noti ni ya akaunti yako. Mgeni aliyeko Milano au Nairobi ana akaunti yake, na humo hakuna Shela wala boti. Kwa hiyo unaweza kukuta wewe unajibiwa sawa kila siku ukafurahi, na wageni wanaendelea kupewa teksi. Hapo ndipo watu wengi hudhani wameshaitengeneza.

Mtu atauliza kwa nini wasiiache ijifunze papo hapo. Kuna sababu ya kiufundi: ukisogeza namba kwa ajili ya Manda, namba hizo hizo zinabeba mambo mengine elfu, na modeli inaweza kuharibika pale usipotazamia. Lakini sababu iliyo rahisi kuielewa ni watu. Mwezi Machi 2016 Microsoft waliweka Twitter chatboti iliyoitwa Tay, iliyokuwa ikiokota mambo kutoka kwa wanaozungumza nayo. Wahuni waliilisha matusi na ubaguzi, na haikumaliza siku moja kabla ya kuzimwa. Hebu leta hapa kwetu: lau kila marekebisho yangeingia, mwenye nyumba jirani yako angeiambia kuwa kwako pamefungwa, na mwenye boti fulani angeiambia kuwa boti za wenziwe zinazama. Ningekuwa Shela nisingelala.

Je, maneno yako hayafiki kabisa? Yanaweza kufika, kwa njia ndefu. Baadhi ya kampuni hutumia mazungumzo ya watumiaji kufunza modeli zijazo, kutegemea mipangilio ya akaunti, na kile kidole gumba cha kushuka unachobonyeza jibu likiwa baya huweza kuwekwa pamoja na mengine. Lakini yanachujwa, yanachanganywa na bahari ya maandishi mengine, na likitoka la kutoka litakuwa kwenye toleo jengine baadaye. Usilingojee kwa ajili ya wageni wa msimu huu.

Mimi ningeziacha hizo soga, nikaenda kurekebisha pale inaposoma. Chatboti nyingi siku hizi, zikiulizwa safari, hutafuta kwanza kwenye mtandao, kisha kurasa zilizopatikana zinawekwa kwenye ubao wa yule anayeuliza. Hapo wewe una mkono. Tulipoufungua ukurasa wa ami yangu tulikuta picha nzuri za dari za boriti na maelezo ya kifungua kinywa, na kuhusu kufika mstari mmoja tu: tuko dakika chache kutoka uwanja wa ndege. Msomaji yeyote, mtu au mashine, angejaza teksi hapo. Tukaandika waziwazi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwamba uwanja wa ndege wa Lamu uko kisiwa cha Manda, kwamba hakuna barabara ya kutoka Manda kuja Lamu wala Shela, kwamba mgeni anatembea hadi gatini na kupanda boti, na kwamba anayekuja kwa basi kutoka Mombasa anashukia Mokowe na kuvuka kwa boti vile vile. Liandike neno "hakuna teksi" kama lilivyo, kwa sababu ndilo mgeni atakaloulizia. Kisha yaweke maelezo hayo hayo kila mahali nyumba yako inapotangazwa, na kwenye ramani hakikisha alama yako iko Shela penyewe. Nyumba moja niliyoiona alama yake ilikuwa imekaa katikati ya mji wa Lamu, na mgeni aliyeshushwa huko ana kilomita kama 3 za kutembea pwani na mizigo.

Na ujumbe wa uthibitisho unaomtumia mgeni uwe na maelezo hayo ndani. Akiubandika kwenye chatboti yake, tayari ubao wake una mstari wa tatu bila wewe kuwepo.

Ukitaka kupima kama imesaidia, usipimie akaunti yako. Azima simu ya mtu ambaye hajawahi kuizungumzia Shela, au zima kumbukumbu, ufungue mazungumzo mapya. Uliza bila kuidokezea jibu: usiseme boti, usiseme Manda. Uliza zaidi ya mara moja, kila mara kwenye mazungumzo mapya, kwa sababu jibu huchaguliwa kwa kiasi fulani cha bahati, na boti ikitokea mara moja haimaanishi kuwa teksi imeondoka. Tazama pia kama imetaja ilikosoma. Ikitaja ukurasa wako, unajua pa kurekebisha. Ikijibu bila kutaja kurasa zozote, huenda imejibu kwa zile namba zilizogandishwa, na kwa hapo ni ujumbe wako kwa mgeni ndio utakaomfikisha.