Kibete kahawia: mpaka wake na nyota, mpaka wake na sayari

*Swali: Nasoma kwamba vibete kahawia si nyota na si sayari. Mpaka uko wapi hasa? Na wanaanga wanajuaje kwamba walichokiona si nyota hafifu tu, au sayari kubwa mno?*

Mpaka wa juu uko kiinini. Wingu la gesi linapojikunja kwa uzito wake, kiini chake hupata joto. Likiwa na masi ya kutosha, joto hilo hufika mahali haidrojeni inapoanza kuungana na kuwa heli, na moto huo ndio unaoizuia nyota isizidi kujikunja kwa miaka mabilioni. Kibete kahawia hakifiki hapo. Kabla kiini hakijapata joto la kutosha, elektroni huwa zimesongamana kiasi kwamba hazikubali tena kubanwa. Kujikunja kunakoma, joto linafika kileleni, kisha linaanza kushuka na halipandi tena. Kwa gesi ya mchanganyiko kama wa Jua letu, mpaka huu uko karibu na masi 75 za Mshtarii.

Ukubwa wa umbo hautakusaidia. Kibete kahawia kilichokwisha kupoa, kiwe na masi 20 za Mshtarii au 60, kina upana unaokaribiana na wa Mshtarii wenyewe, kwa sababu kila ukiongeza gesi uzito unaibana zaidi. Kwa hiyo tunatafuta joto na masi.

Gliese 229B inaonyesha vizuri kazi hiyo, na mtego wake. Iko kama miaka ya nuru 19 kutoka kwetu, katika kundinyota la Sungura, ikizunguka nyota ndogo nyekundu. Ilitangazwa mwaka 1995 baada ya kuonekana kwa darubini ya Palomar, Marekani. Nuru yake ilipochambuliwa, ilionekana alama ya methani, na hapo mjadala wa nyota hafifu ukaisha. Methani haistahimili joto la uso wa nyota. Huko kaboni hushikana na oksijeni ikawa monoksidi ya kaboni. Hata nyota baridi kabisa zina uso wenye nyuzi zaidi ya 1,500 za Selsiasi. Gliese 229B ilikuwa na takriban 600.

Baadaye likaja tatizo. Wanaanga walipima jinsi mvuto wake unavyoiyumbisha nyota mama mwaka hadi mwaka, wakapata masi 71 za Mshtarii, karibu kabisa na mpaka wa nyota. Kitu kizito hivyo kilipaswa kung'aa zaidi ya kilivyong'aa. Jibu lilitolewa mwaka 2024: nuru ya darubini nne kubwa za Paranal, Chile, ilipounganishwa, ile doa moja ikagawanyika kuwa mbili. Ni vibete viwili, kimoja cha masi 38 na kingine cha 34 hivi, vinavyozungukana kila siku 12. Masi ilipimwa sawasawa tangu mwanzo. Kosa lilikuwa kudhani kwamba ni ya kitu kimoja. Binafsi sijui mfano bora wa kumwonyesha mwanafunzi kwa nini masi iliyopimwa kwa mvuto inastahili kuaminiwa kuliko ile inayokisiwa kutokana na mng'ao.

Kukisia kwa mng'ao kuna hatari nyingine, nayo ni umri. Kwa kuwa kibete kahawia hupoa maisha yake yote, kikiwa kichanga huwa na joto kama la nyota ndogo, na methani haipo. Hapo tunatafuta lithi. Nyota huiteketeza lithi yake mapema, lakini kibete chenye masi chini ya 60 na kitu hubaki nayo. Teide 1, iliyopatikana mwaka huohuo wa 1995 ndani ya Kilimia, kundi lilelile ambalo wakulima wetu walilitazamia kujua msimu, ilithibitishwa kwa njia hiyo.

Mpaka wa chini, na sayari, haujakatika vizuri hivyo. Wengi huuweka kwenye masi 13 za Mshtarii, kwa kuwa juu ya hapo kitu kinaweza kuunguza deuteri, ile haidrojeni nzito iliyo haba. Lakini moto huo ni wa muda mfupi na haubadilishi sana maisha yake. Mimi nauona mwanzo wa kitu kuwa kigezo chenye maana zaidi: sayari hukua ndani ya sahani ya gesi na vumbi inayoizunguka nyota changa, kibete kahawia kwa kawaida huzaliwa kama nyota, kwa wingu kujikunja. Shida ni kwamba mwanzo hauonekani kwenye darubini. Ukikuta kitu cha masi 10 kikielea peke yake bila nyota, kipimo cha deuteri kitakiita sayari, na kigezo cha mwanzo huenda kikakiita kibete kahawia.