Mshahara umetumwa kwenye akaunti niliyoifunga

"Nilifunga akaunti, nikasahau kuwaambia wahasibu. Mshahara umeshatumwa, benki yangu ya zamani inasema haina pesa yangu, na mwajiri anasema amelipa. Iko wapi?"

Pole sana ndugu. Inawezekana wote wawili wanasema kweli. Benki ikikuta akaunti imefungwa, huyakataa malipo na kuyarudisha kwenye benki iliyotuma. Shida huanzia hapo. Mishahara mingi hutumwa kwa faili moja, na kwenye taarifa ya akaunti ya mwajiri hutoka kama kiasi kimoja kikubwa. Chako kikirudi, huingia peke yake, pengine bila jina lako, au benki hukiweka kwenye akaunti yake ya muda mpaka kijulikane ni cha nani. Mhasibu asipolinganisha hesabu, ataendelea kuona "umelipwa".

Kwa hiyo usizunguke na benki ya zamani. Mwombe mhasibu namba ya kumbukumbu ya malipo yako na tarehe yalipotumwa, kisha atafute kwenye taarifa ya benki kiasi kile kile, hadi senti, kilichoingia siku zilizofuata. Asipokiona, benki ya mwajiri ndiyo ifuatilie kwa namba hiyo, kwa sababu mteja wake ni yeye.

Peleka akaunti mpya kwa maandishi leo, kabla faili la mwezi ujao halijafungwa. Ila kama ulikuwa na deni benki ya zamani, waulize kwanza kama hawajalikata kwenye mshahara huo. Mwajiri akikaa kimya, nenda ofisi ya kazi na barua zako.