"Mkojo mchafu" si jina la ugonjwa

*Mimi ni nesi wa zahanati hapa Tanga. Wagonjwa wanasema "mkojo mchafu", daktari anaandika "yutiai", na bango la ukutani linasema "maambukizi katika njia ya mkojo". Kiswahili sahihi ni kipi?*

Dada nesi, la kwanza kati ya hayo matatu ningependa tulizike leo hii. Mengine mawili nitayarudia, maana yana makosa madogo yanayovumilika.

Neno "-chafu" lina ukoo mpana. Bahari huchafuka upepo ukivuma, roho humchafuka mtu anayetaka kutapika, hali ya hewa huchafuka mvua ikikaribia. Kote huko kuna kitu kilichokuwa kimetulia au safi, kikavurugwa. Sasa mkojo ulikuwa safi lini? Bibi zetu waliuita najisi, wakafua nguo na kutia udhu upya. Kumwambia mtu mkojo wake ni mchafu ni sawa na kumwambia majivu yake yameungua.

Lakini kinachonikera zaidi ni kiima cha sentensi. Itazame: "Mkojo wako ni mchafu." Anayesemwa ni mkojo. Mgonjwa hayumo, kibofu hakimo, figo haimo. Na sentensi ikishasema kitu ni kichafu, jibu linakuja lenyewe mdomoni: kisafishwe. Ndiyo maana watu wanakwenda duka la dawa kuomba "dawa ya kusafisha mkojo", na wanapewa. Mkojo ni shahidi tu. Anayeugua ni mtu, na swali la kwanza ni anaugulia wapi, au kama anaugua kabisa.

Nimeliona kwa shangazi yangu. Ana miaka 61, ana kisukari, na kila akienda kliniki ya sukari anapimwa mkojo. Siku moja kijana wa maabara akamrudishia karatasi dirishani: "Mama, mkojo mchafu." Shangazi hakuwa na lolote. Haukumchoma, haendi chooni zaidi ya kawaida yake, hana homa, ubavu haumuumi. Ila karatasi ilisema kuna bakteria na seli za usaha, na neno "mchafu" likamtia aibu, akaona kama ameambiwa haogi. Akapewa antibaiotiki, siprofloksasini. Akamaliza, akapimwa tena, mkojo ukawa "mchafu" tena, akapewa tena.

Raundi ya tatu nilikuwa kwake. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, mara nikaona jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, chuya anazirudisha kwenye mchele. Mashine yake ya sukari ilisoma 2.6, imeshuka mno. Tulimpa maji ya sukari, akarudi polepole. Daktari mwingine tuliyemwendea jioni ile alitueleza kwamba shangazi anameza glibenklamidi kwa ajili ya kisukari, na siprofloksasini ikikutana nayo inaweza kuiporomosha sukari. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza miezi yote ile: "Kwani mama alikuwa anaumwa nini?"

Alikuwa haumwi. Kilichokuwa kikitibiwa ni kivumishi.

Daktari yule alinifafanulia kwa dakika kumi, na tangu siku hiyo sina subira na "mkojo mchafu", kwa sababu neno hilo moja limefunika mambo matatu ambayo tiba zake hazifanani.

La kwanza liko kwenye kibofu. Mkojo unachoma, mtu anabanwa kila mara na akienda yanatoka matone, chini ya kitovu panauma, pengine damu kidogo inaonekana. Hana homa, ubavu hauumi. Hili liite maambukizi ya kibofu. Kwa mwanamke ambaye si mjamzito na hana ugonjwa mwingine, asiyetokwa na uchafu ukeni wala kuwashwa (hivyo vikiwapo, fikiria fangasi au magonjwa ya zinaa kwanza), maelezo yake mwenyewe yanamtosha daktari kuanza dawa. Tiba ni fupi: nitrofurantoini kwa siku 5 inafaa sana. Dawa hiyo hujikusanya kwenye mkojo, ikakiosha kibofu chote.

La pili limepanda hadi kwenye figo. Hapa kuna homa, mara nyingi na kutetemeka kwa baridi, maumivu ya ubavu mmoja chini ya mbavu, kichefuchefu au kutapika. Ukimgonga polepole mgongoni pale mbavu zinapoishia, anaruka. Mkojo unaweza usichome hata kidogo. Na sasa angalia neno linavyodhuru: kwa kuwa yote ni "mkojo mchafu", mgonjwa huyu anapewa ile ile nitrofurantoini ya jirani yake. Haitamponya, kwa sababu haifikii kiwango cha kutosha katika nyama ya figo. Huyu mkojo wake uchukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, uoteshwe maabara ili ijulikane ni bakteria gani na dawa ipi inawaweza, kisha aanze dawa inayoingia kwenye figo. Siprofloksasini ya siku 7 ni mojawapo, pale ambapo bakteria hawajaizoea. Anayetapika au aliyezidiwa alazwe, apewe dawa ya mshipani kama seftriaksoni. Siku tatu zikipita homa iko palepale, apigwe altrasaundi, maana huenda kuna jiwe au kizuizi, au usaha umejikusanya.

Maabara inaweza kutoa karatasi mbili zinazofanana kabisa kwa wagonjwa hawa wawili: bakteria wapo, seli za usaha zipo. Karatasi haijui ubavu unauma. Wewe unayemgusa ndiye unayejua, ndiyo maana jina la ugonjwa litoke kwa mgonjwa, lisitoke kwenye kopo.

Jambo la tatu ndilo la shangazi. Bakteria wapo kwenye mkojo, hata kwa wingi wa 100,000 na zaidi kwa kila mililita, na mwenye mkojo hana dalili yoyote ya njia ya mkojo. Wanaishi humo kama wanavyoishi utumboni. Ni jambo la kawaida kwa wanawake wenye kisukari na kwa wazee. Na mtu akikaa na mpira wa mkojo kwa mwezi mmoja, karibu hakuna anayewakosa. Seli za usaha zinaweza kuandamana nao, na hazibadilishi uamuzi. Wanawake wenye kisukari waliotibiwa hali hii katika utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2002 hawakupungukiwa na maradhi yaliyofuata. Walichoongezewa ni siku za kumeza antibaiotiki. Bakteria wanarudi, na wanaorudi mara nyingi ni wale waliojifunza kuishinda dawa. Shangazi alipokuja kuugua kibofu kwelikweli mwaka uliofuata, mkojo ulipooteshwa siprofloksasini haikufanya kitu.

Hali hii ya tatu mimi naiita "bakteria mkojoni bila dalili". Ni refu, nakubali. Lakini maneno mawili ya mwisho ndiyo yanayobeba uamuzi, na ukiyakata kwa ajili ya ufupi umekata maana.

Kuna mtu mmoja ambaye "bila dalili" haimwachii, nawe kwa kazi yako unakutana naye kila siku: mjamzito. Mirija yake ya mkojo imelegea na kupanuka, mkojo unatuama, na bakteria wanapanda kwenye figo kwa urahisi. Katika tafiti za zamani, wajawazito wenye bakteria hao walipoachwa bila tiba, 20 hadi 35 kati ya 100 walipata maambukizi ya figo. Walipotibiwa, walibaki 1 hadi 4. Kwa hiyo mjamzito huoteshwa mkojo mapema katika mimba hata kama anacheka, na akikutwa nao anatibiwa kwa siku 4 hadi 7, kwa dawa iliyo salama kwa mtoto. Mwingine ni yule anayesubiri upasuaji wa njia ya mkojo ambao utachubua ngozi ya ndani ikatoka damu. Shangazi hayumo katika hao wawili. Wala hayumo mzee anayepimwa kwa sababu mkojo wake umekuwa mzito na una harufu. Huyo mpeni maji anywe.

Sasa nirudi kwa yale mawili niliyoyaacha. "Maambukizi katika njia ya mkojo" ni Kiswahili kizuri, ila kiambishi kile cha kusababisha kimo: kuambukiza ni kumpa mwingine. Nimesikia ndoa zikitikisika kwa sababu mke kaambiwa ana "maambukizi" na akauliza kaambukizwa na nani. Bakteria hawa kwa kawaida wametoka kwenye utumbo wake mwenyewe, mlango wa jirani. Neno tunalo, limezoeleka, silipigi vita; wewe mwambie tu mgonjwa walikotoka.

"Yutiai" nayo nimechoka kuipinga. Imeshakaa, hata watoto wa shule wanaijua. Lakini ichukuliwe kama jina la ukoo, na jina la ukoo peke yake halitoshi kumwita mtu kwenye foleni. Daktari aandike "yutiai ya kibofu" au "yutiai ya figo", na mfamasia atakayeipokea karatasi atajua kama siku 5 za nitrofurantoini zina maana au kuna mtu anakwenda kuharibikiwa figo. Na hali ya shangazi isiitwe yutiai kabisa, kwa kuwa si ugonjwa.

Mahali pamoja tu "-chafu" inastahili, na ni hapo kwenu maabara. Mgonjwa akikinga mkojo wa kwanza bila kujiosha, au kopo likikaa dirishani juani tangu asubuhi hadi mchana, seli za ngozi zinajaa, bakteria wa nje wanaingia na kuzaana. Mkojo huo umechafuka kweli, kwa maana ile ile ya bahari: umevurugwa. Dawa yake si kidonge. Mwambie mgonjwa: "Mama, sampuli hii imechafuka. Chukua kopo jingine, jisafishe, wa mwanzo uache upite, kinga wa katikati, uniletee sasa hivi."