Wadogo zangu mnaotengeneza kozi za dakika tano, hayo maswali yenu yanapima nini?

Nimepitia kozi mpya ya wafanya usafi wa hospitali nimekuta makosa yaleyale ya kila mwaka, nawapenda ila leo tuongee.

1. Msikate somo kwa saa. Video ya nusu saa ukiigawa vipande sita haiwi masomo sita, na mtu wa shifti ya usiku akirudi kesho kutwa hakumbuki kipande cha tatu kiliishia wapi. Somo moja kazi moja.

2. Swali la mwisho, hapa ndo naumia. Somo ni la kuchanganya klorini, zuri kabisa, halafu swali linauliza klorini inatumika kufanya nini, majibu ni kuua vijidudu, kupikia, au kung'arisha viatu. Jamani! Wote wanapata, ripoti inapendeza, na hatujui kama kuna hata mmoja anayeweza kuchanganya. Mpe swali lako mtu ambaye hajasoma somo, akilipata lifute.

Uliza hivi: una klorini ya 5%, unataka ya 0.5%, umeshaweka kikombe kimoja cha klorini, unaongeza maji vikombe vingapi? Weka 5, 9 na 10. Jibu ni 9, maana 5 gawa kwa 0.5 unapata sehemu 10 na moja kati ya hizo ni klorini yenyewe. Aliyechagua 10 hesabu anaijua ila kasahau kutoa kile kikombe, dawa yake inatoka dhaifu kidogo, na aliyechagua 5 kabeba tu namba ya kwenye chupa. Yaani kila jibu baya linakuonyesha mtu kapotelea wapi, basi maelezo yanayotokea akishabonyeza yamwambie hilohilo, sio "umekosea, jaribu tena".

3. Swali lirudi. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma maandishi mara mbili na waliosoma mara moja kisha wakajipima. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele, ila baada ya siku 2 na baada ya wiki waliojipima ndo walikumbuka zaidi. Kwa hiyo ukimpima mtu palepale tu, usijidanganye kwamba kashika. Somo la shifti mbili mbele lifungue na swali lile la klorini, ila badilisha chupa iwe ya 3.5%. Sasa ni sehemu 7, maji vikombe 6, na aliyekariri "tisa" bila kuelewa utamwona hapo hapo, kabla hajaenda kufuta damu sakafuni na dawa isiyotosha.

4. Kozi ihifadhi alipofikia kila skrini, maana ataitwa wodini katikati ya swali, na akirudi akakuta anaanzishwa upya harudi tena.