Wanjiru si Wanjiku: Ijumaa niliyotoa picha ya marehemu wa wengine

Wiki iliyopita dada mmoja wa kaunta kwenye studio ya picha aliniandikia kwamba amempa mteja picha za mtu mwingine, na bosi anataka kumkata mshahara. Nilisoma ujumbe nikiwa kwenye matatu, nikaikumbuka Ijumaa yangu ya kaunta ya studio, River Road.

Nilikuwa na bahasha za Mary Wanjiru na Mary Wanjiku. Kila mmoja alileta picha ndogo ya mzazi ikuzwe hadi inchi 8 kwa 10. Kabati langu nilikuwa nimelipanga kwa alfabeti na nikijivunia. Jioni, watu wamejaa na honi zinalia nje, mama mmoja akataja jina lake. Nikamuuliza, "Ni Mary Wanjiru, sivyo?" Akaitikia. Akalipa salio, akatia bahasha mkobani bila kuifungua.

Asubuhi akanipigia simu kutoka Murang'a. Jeneza liko uani, na kwenye bahasha kuna mzee wasiyemjua. Kumbe yule mama alikuwa Wanjiku. Mamake walimzika bila ile picha. Mshahara nilikatwa, lakini kinachoniuma hadi leo ni sauti ya yule mama.

Alfabeti ndiyo iliyoniponza: inalaza majina yanayofanana ubavu kwa ubavu. Sasa napanga kwa namba ya risiti, na hao wawili hawakutani tena. Nairobi majina yatagongana tu. Wakikuyu huwarithisha watoto majina ya babu na nyanya, kwa hiyo mabinamu wanaweza kuitwa sawasawa, na binti yeyote wa Kijaluo aliyezaliwa usiku ni Atieno.

Namba hiyo naiandika pia nyuma ya picha, pembeni, kwa penseli laini bila kukandamiza. Kalamu ya wino huacha alama upande wa mbele na kuchafua picha iliyo chini yake.

Ndugu zangu wa kaunta, acheni kumtajia mteja jina! Kwenye kelele mtu huitikia chochote kinachokaribia jina lake. Yeye ndiye akupe namba. Risiti ikipotea, akutajie tarakimu tatu za mwisho za simu aliyoandikisha. Jina la M-Pesa usilitegemee, maana huenda aliyelipa ni shemeji yake. Kisha fungua bahasha mbele yake, umgeuzie picha, umuulize, "Huyu ni nani wako?" Kulinganisha sura hakutoshi, kwa sababu mchukuaji mara nyingi siye aliyepigwa picha. Ungojee jibu, hata foleni ikinung'unika. Mimi sikungoja.

Na wewe dada, angalia kabatini kabla ya kubishana na bosi. Bahasha iliyobaki, yenye jina linalokaribia lile ulilotoa, huenda ndiyo ya yule aliyebeba isiyo yake. Namba yake ya simu imo kwenye kitabu cha risiti. Mpigie leo, kabla hajapanda gari la kwenda nyumbani.