Jibu: kuchora |x| + 2|y| < 6

"Nimechora x + 2y = 6 nikapata mstari mmoja. Mwalimu anasema ni almasi. Nimekosea wapi?"

Salamu kutoka Kisumu, ndugu. Angalia ishara kwanza. Mstari wako unafaa pale tu x na y si hasi, kwa hiyo uanzie (6, 0) uishie (0, 3). Wanafunzi wangu wengi huurefusha kupita hapo. Kwa kuwa |−x| ni sawa na |x|, kunja karatasi kwenye mhimili wa y, kisha wa x. Unapata pembe (−6, 0) na (0, −3).

Jaribu (0, 0): 0 < 6 ni kweli, basi tia kivuli ndani. Mpaka ni vipande vinne, vyote vya mstari uliokatika-katika. Hata pembe hazimo, maana hapo jumla ni 6 kamili.